Lisansi ya historia, masta ya afya ya jamii: namna ya kuandika barua ya kujieleza unapobadili fani

Mwongozo huu ni wa mtu aliyemaliza chuo katika fani moja na sasa anaomba masta katika fani nyingine. Labda uko Kambove, Likasi au Lubumbashi, diploma yako ni ya historia, sheria, Kifaransa au uchumi, na programu unayoitaka ni ya afya ya jamii, mazingira au usimamizi wa maji. Kwenye fomu ya mtandaoni utakuta sehemu imeandikwa `Lettre de motivation`, `Personal Statement` au `Statement of Purpose`. Kazi yake ni karibu ileile, kwa hiyo hapa tutaiita barua ya kujieleza. Fomu ikiomba mbili za mwisho kwa pamoja, ya kwanza ieleze safari yako wewe, ya pili ieleze masomo na utafiti unaotaka kufanya.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Si mtu halisi, lakini hali zake ni za kila siku huku kwetu: mama mwalimu wa sekondari Kambove, mwenye lisansi ya historia, ambaye jioni na siku za kampeni anafanya kazi na kituo cha afya kama mhudumu wa jamii, yaani reko. Anaomba masta ya afya ya jamii.

## Msomaji wako anatafuta nini

Kamati ya udahili hufungua faili na kuangalia alama kwanza. Kwa mwombaji aliyesoma fani ileile, zile alama zimeshajibu nusu ya maswali. Zako hazijibu kitu: wanaona Historia ya Afrika, Historia ya Uchumi, Didaktiki, halafu wanaona jina la programu yao, na kati ya hivyo viwili hakuna kinachosomeka. Barua ndiyo mahali pekee pa kuandika kilicho katikati.

Wana maswali mawili. La kwanza: je, huyu anaijua fani anayoiendea, au anaikimbia tu ile aliyosoma? La pili, ambalo kwa kawaida ndilo linalomwangusha mwombaji: je, atavuka muhula wa kwanza? Kila programu ina somo moja au mawili yanayowashinda watu wa nje. Katika afya ya jamii ni takwimu na epidemiolojia. Katika mazingira mara nyingi ni kemia ya udongo na maji. Anayesoma faili lako amewahi kuona mwanafunzi hodari kutoka fani nyingine akikwama mwezi wa pili kwa sababu ya somo hilo, na anataka kujua kama wewe utakuwa mwingine wa namna hiyo.

Hamu ya kusoma haijibu maswali hayo, maana kila mwombaji anayo. Yanajibiwa na mambo uliyoyafanya ambayo mtu wa fani ile akiyasoma anayatambua kuwa ni kazi ya fani yake.

## Kabla ya yote, soma masharti ya kuingia

Hakuna barua inayoweza kuvuka sharti la lazima. Kwa hiyo anza hivi:

1. Tafuta ukurasa wa masharti ya programu, si ukurasa wa matangazo. Soma aina ya diploma inayotakiwa. "Diploma ya udaktari, uuguzi au famasia" maana yake mlango umefungwa kwa mwanahistoria. "Fani inayohusiana" au "fani yoyote pamoja na uzoefu" maana yake kuna nafasi ya kujieleza.
2. Pasipoeleweka, iandikie ofisi ya udahili barua pepe ya mistari mitano: diploma yako, miaka yake, kazi unayofanya, na swali moja tu, kama faili lako litapokelewa kusomwa. Jibu litunze.
3. Uliza kama kuna njia ya kupitia masomo ya nyongeza. Katika vyuo vya Ubelgiji vinavyofundisha kwa Kifaransa, mtu wa fani nyingine anaweza kupokelewa kwa sharti la kuongezewa masomo yasiyozidi krediti 60, kiasi cha mwaka mzima. Ufaransa kuna utaratibu wa kutambua uzoefu wa kazi, unaojulikana kwa herufi VAPP.
4. Kama unategemea ufadhili, masharti ya mfadhili yasome peke yake. Programu za EPOS za shirika la Kijerumani DAAD, kwa mfano, zinataka angalau miaka miwili ya kazi, na kwa kawaida diploma isiwe imepita miaka sita. Mtu aliyemaliza zamani anaweza kupokelewa na chuo na bado akakosa ufadhili huo.

Kuna jambo moja la Kongo ambalo msomaji wa nje halijui. Kabla ya mfumo wa LMD kuenea, lisansi yetu ilikuwa miaka mitano: mitatu ya gradua na miwili ya lisansi yenyewe. Kwingineko neno hilo linamaanisha miaka mitatu. Kama diploma yako ni ya mfumo wa zamani, andika mara moja, kwenye CV au kwenye barua: "lisansi, miaka mitano ya chuo kikuu (3+2)". Mstari huo mmoja unaweza kubadilisha namna faili zima linavyosomwa.

## Jedwali kwanza, barua baadaye

Wengi hukaa na karatasi tupu na kuanza kutafuta sentensi nzuri ya kufungulia. Mimi naona hapo ndipo barua nyingi zinapoharibika, kwa sababu mtu anaanza na maneno kabla hajajua ana ushahidi gani. Chukua karatasi, chora safu tatu. Kushoto andika masomo ya muhula wa kwanza wa programu, kama yalivyo kwenye orodha yao. Katikati andika ulichofanya kinacholigusa somo hilo. Kulia andika kinachokosekana.

Jedwali la mama mwalimu lilitoka hivi:

| Somo | Nilicho nacho | Kinachokosekana |
|---|---|---|
| Takwimu | Naandaa alama za madarasa manne kwenye Excel. Wastani na asilimia tu | Sampuli, kipimo cha makosa, majaribio ya takwimu |
| Epidemiolojia | Nimejaza na kujumlisha karatasi za kuhesabia chanjo | Msamiati na aina za tafiti |
| Mfumo wa afya | Najua kituo kinavyotuma ripoti ya mwezi Kanda ya Afya, inavyoingizwa DHIS2 | Bajeti na sera |
| Mbinu za utafiti | Memuari: nyaraka za kampuni, daftari za parokia, mahojiano na wazee | Maadili ya utafiti kwa wagonjwa |

Ukilitazama jedwali hilo unaona mambo mawili. Safu ya katikati haina neno "napenda" hata mara moja. Na pengo kubwa ni moja, takwimu. Hayo mengine ni ya kawaida, mtu yeyote anayeanza masta anayo.

Pengo kubwa lisifichwe. Lianze kuzibwa kabla ya kuandika, maana barua haiwezi kusema "nimeanza" kama hujaanza. Kwa mtu wa Kambove hilo linawezekana kwa njia tatu, kila moja na mipaka yake. Kuna kozi za bure za mtandaoni; jukwaa la Kifaransa la FUN lina za takwimu na za afya. Kwa kuwa megabaiti ni ghali na umeme hauaminiki, pakua maandishi na mazoezi siku uliyopata mtandao mzuri, video ziache. Njia ya pili ni kumwomba mwalimu wa takwimu katika chuo cha Likasi akuruhusu kukaa darasani kama msikilizaji. Ni kilomita zipatazo 25, na mara moja kwa wiki kwa muhula mmoja inatosha kukupa kitu cha kuandika. Ya tatu, ambayo binafsi naipa uzito kuliko cheti, ni kufanya kazi ndogo kwa namba ulizo nazo tayari: ripoti ya kurasa mbili, yenye jedwali moja na grafu moja, uliyomkabidhi mtu aliyeihitaji. Cheti kinasema ulihudhuria, na ripoti inaonyesha unachoweza kufanya.

## Mfano kwa karibu: asilimia 118

Hapa ndipo mama mwalimu alipopata barua yake. Mwisho wa mwezi alikuwa akimsaidia muuguzi mkuu kujumlisha vijiti vya karatasi ya chanjo. Lengo la eneo lao la afya lilikuwa watoto 480 kwa mwaka, yaani 40 kwa mwezi. Waliochanjwa walikuwa 47. Gawanya 47 kwa 40, unapata asilimia 118 baada ya kukaribisha.

"Papa, tumechanja watoto wengi kuliko waliopo?" akauliza.

Muuguzi akacheka. Namba za namna hiyo amezizoea.

Kwa ruhusa yake mama mwalimu alirudi kwenye daftari na kusoma safu ya makazi mstari kwa mstari. Watoto 9 walikuwa wa nje ya eneo, wengi wao kutoka makambi ya wachimbaji wadogo, ambao huhama kila machimbo mapya yanapofunguliwa. Ukiwaondoa wanabaki 38, asilimia 95. Hesabu imekaa vizuri zaidi, lakini shida haijaisha, kwa sababu lile 40 lenyewe ni makadirio: sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Kama watoto halisi wa eneo ni 60 badala ya 40, basi chini ya theluthi mbili ndio waliofikiwa, na ripoti inaendelea kuonyesha kwamba mambo ni mazuri.

Sasa angalia alichofanya. Hakuchunguza ugonjwa wala hakutibu mtu. Alitilia shaka namba, akarudi kwenye chanzo chake, akauliza nani alihesabiwa na nani aliachwa. Ndivyo mwanahistoria anavyofundishwa kufanya na nyaraka, na ndivyo mtu wa epidemiolojia anavyofanya na takwimu za kituo. Fani mbili zimekutana kwenye daftari moja, na hakuna haja ya kuzilazimisha.

Tukio lako litafanana na hili kwa ukubwa: dogo, la mahali pako, lenye namba au kitu kinachoshikika, na lenye swali ulilobaki nalo. Mtu wa sheria anayeomba masta ya usimamizi wa mazingira anaweza kuanzia kijijini. Kanuni ya madini iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii, na kama aliwahi kukaa na wanakijiji wakisoma kifungu hicho huku wakitaka kujua maji ya kisima chao yana nini ndani, swali lake liko hapo: sheria inampa kiasi cha fedha, haimpi namna ya kupima maji. Mtu wa Kifaransa aliyetafsiri dodoso la utafiti kwa Kiswahili cha mtaani na kugundua kwamba swali moja linaeleweka kwa namna mbili, naye ana pa kuanzia.

Tahadhari. Daftari la kituo si mali yako. Omba ruhusa kabla ya kuhesabu na kabla ya kuandika. Usitaje jina la mtoto, mama wala ugonjwa wa mtu anayeweza kutambulika, na usiambatanishe picha ya ukurasa. Kamati ya afya ya jamii ikiona jina la mgonjwa kwenye barua yako itasimama hapo.

## Aya tano na kazi ya kila moja

Soma kikomo cha maneno kwenye fomu. Kama hakipo, ukurasa mmoja au mmoja na nusu unatosha. Tuchukue maneno 600.

Aya ya kwanza, maneno kama 100: tukio na swali. Linganisha matoleo haya mawili ya mama mwalimu. Barua yenyewe ataiandika kwa Kifaransa. Hapa tunaisoma kwa Kiswahili.

Toleo la kwanza:

> Nina heshima kubwa kuja mbele ya wema wako wa hali ya juu ili kuomba nafasi katika masta ya afya ya jamii. Tangu utoto wangu nilipenda kusaidia wagonjwa, lakini kwa kukosa uwezo sikuweza kusoma udaktari, nikaelekezwa historia. Ingawa historia haihusiani na afya, mimi ni mtu wa bidii, najifunza haraka, na nina hamu ya kuchangia maendeleo ya nchi yangu inayoteswa na magonjwa mengi.

Toleo la pili:

> Mwezi Machi, kituo cha afya ninachokisaidia hapa Kambove kiliripoti kuchanja asilimia 118 ya watoto waliolengwa: 47 kati ya 40. Kwa ruhusa ya muuguzi mkuu nilipitia daftari na kukuta watoto 9 wanaoishi nje ya eneo letu. Bila wao tunapata asilimia 95, lakini hata hiyo siiamini, kwa sababu lengo la 40 ni makadirio yanayotokana na sensa ya 1984. Nilitaka kujua ni watoto wangapi hasa hawajafikiwa, na nikaona kwamba sina zana za kulijibu swali hilo. Ndizo ninazozitafuta katika masta hii.

La kwanza linaanza na adabu ya barua za serikali, ambayo kwetu ni desturi lakini kwa chuo cha nje ni mistari miwili iliyopotea. Kisha linaomba radhi kwa diploma, na baya zaidi, linamwambia msomaji kwa kinywa chake mwenyewe kwamba historia haihusiani na afya. Kwa nini yeye abishe? La pili halijisifu mahali popote, ila msomaji akimaliza anajua kwamba mtu huyu anaelewa kasoro ya namba inayogawanywa na ile inayogawanya, jambo ambalo wengine hufundishwa darasani.

Aya ya pili, maneno kama 150: kazi uliyoifanya. Muda gani, wapi, chini ya nani kwa cheo, ulifanya nini hasa. Tumia vitenzi vya kazi: nilijumlisha, nililinganisha, nilihoji, niliandika. "Nilishiriki katika kampeni" haisemi kitu. Labda ulibeba maji. Na usipandishe cheo: reko abaki reko. Swali la kwanza la usaili litatoka kwenye aya hii, na aliyejiita "mratibu" ataulizwa alikuwa na watu wangapi na bajeti kiasi gani.

Aya ya tatu, maneno kama 130: diploma ya kwanza inaleta nini. Usiandike "historia ilinifundisha kufikiri kwa kina", kwa sababu sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mtu wa fani yoyote. Nenda kwenye kazi moja uliyoifanya, kwa kawaida memuari:

> Memuari yangu ilihusu afya ya watoto katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière. Ripoti za kampuni na daftari za mazishi za parokia zilinipa hesabu tofauti za vifo kwa mwaka uleule. Ilinibidi kuuliza kila chanzo: nani alihesabu, kwa faida ya nani, na nani hakuingia kwenye hesabu. Nililikuta swali hilohilo kwenye daftari la chanjo.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoziunganisha fani. Kama huwezi kuiandika ya kwako, tafuta kazi nyingine katika masomo yako, usiilazimishe.

Aya ya nne, maneno kama 90: pengo. Litaje kwa jina, sema umefanya nini, sema bado nini. "Sikusoma takwimu zaidi ya somo moja la utangulizi. Tangu Oktoba nahudhuria darasa la takwimu kama msikilizaji, mara moja kwa wiki, na nimeandika ripoti fupi ya mahudhurio ya chanjo ya miezi sita, ambayo kituo kimeitumia. Majaribio ya takwimu bado nayajifunza." Inatosha. Kama ulipata alama mbaya katika somo hilo zamani, sentensi moja tu: alama, sababu isiyo ya kulalamika, na kilichobadilika. Ukiandika aya nzima kuihusu, ndiyo watakayoikumbuka.

Aya ya tano, maneno kama 130: kwa nini programu hii, na baada yake nini. Taja somo moja na eneo moja la utafiti la chuo hicho, na uyaunganishe na swali la aya ya kwanza. Mtu wa Katanga ana bahati hapa, kwa sababu utafiti mkubwa juu ya migodi na afya umefanyika nyumbani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa KU Leuven ya Ubelgiji walichapisha utafiti ulioonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga, zaidi kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini. Mama mwalimu akiomba katika Shule ya Afya ya Jamii ya Lubumbashi au Leuven, ana cha kusema: watu waleule wanaohamahama na kuvuruga hesabu ya chanjo ndio wanaoishi karibu zaidi na machimbo, kwa hiyo kujua wako wangapi ni hatua ya lazima kabla ya kupima kilichowapata. Lakini kama hujausoma utafiti, angalau muhtasari na mbinu zake, usiutaje. Msomaji wa barua anaweza kuwa rafiki wa mwandishi, au mwandishi mwenyewe.

Mipango ya baadaye iwe ya kazi unayoweza kuitaja: kurudi Kanda ya Afya katika kitengo cha takwimu, kufundisha katika chuo cha mafundi wa afya. Kwa mfadhili aya hii huwa ndefu zaidi, kwa kuwa analipa akitegemea utarudi.

### Kisanduku: makosa yanayojirudia

- Kuidharau fani ya kwanza. Kamati inajiuliza kama na ya kwao utaisema hivyo miaka miwili ijayo.
- Kusimulia umaskini wa nchi. Wanaujua. Hawajui asilimia 118 ya kituo chako.
- Kununua barua iliyokwisha andikwa. Kwenye vibanda vya kompyuta kuna barua moja inayozunguka ikibadilishwa majina. Kamati inayopokea mafaili mengi ya Kongo imeshaiona.
- Kufuata ushauri wa UCAS kwa masta. Ushauri mwingi wa Kiingereza mtandaoni, pamoja na kile kikomo cha herufi 4,000, ni wa wanaoomba shahada ya kwanza Uingereza. Maombi ya masta huko kwa kawaida hutumwa moja kwa moja chuoni, na kila chuo kina kikomo chake.
- Kuacha jina la chuo kingine ndani ya barua. Litafute kwa `Ctrl+F` kabla ya kutuma kila moja.
- Kurudia CV kwa sentensi. Kama jambo liko kwenye CV na huna cha kuliongezea, liache huko.

## Kuandika, kusomewa, kutuma

Ukiwa na jedwali, simulia kwanza kwa mdomo, kwa Kiswahili, mbele ya mtu asiyejua fani yoyote kati ya hizo mbili. Jirekodi kwa simu. Sehemu atakayouliza "halafu?" ndiyo ya kuanzia barua, na sehemu atakayotazama pembeni ikate. Baada ya hapo andika kwa lugha ya maombi moja kwa moja, kutoka kwenye rekodi, badala ya kutafsiri rasimu ya Kiswahili sentensi kwa sentensi.

Rasimu ipewe wasomaji wawili wenye kazi tofauti. Mmoja awe mtu wa fani mpya, kwa mfano daktari wa Kanda ya Afya au muuguzi mkuu, akague kama umetumia maneno yao sawasawa. Ukisema "maambukizi mapya" mahali pa "wagonjwa wote waliopo" umejifichua. Mwingine awe mwalimu wa lugha, akague sarufi tu. Ukiwapa wote kazi zote, kila mmoja atakuandikia upya barua na utabaki na mbili zisizo zako.

Barua za mapendekezo zipange pamoja na hii. Mwalimu wako wa historia hawezi kusema unajua takwimu, na asiombwe kusema hivyo. Aeleze ulivyofanya kazi na vyanzo katika memuari. Muuguzi mkuu au daktari wa Kanda aeleze habari ya daftari. Mwalimu wa takwimu uliyemsikiliza, kama yupo, aseme ulihudhuria na ulifanya mazoezi. Wape wote nakala ya jedwali, uwape wiki tatu, na uwaombe watume wenyewe kwa barua pepe ya ofisi pale mfumo unapotaka hivyo. Wengi huku hutumia barua pepe binafsi, na baadhi ya fomu huzikataa, uliza mapema.

### Kabla ya kubonyeza "tuma"

- [ ] Nimesoma sharti la diploma na nina jibu la ofisi pale palipokuwa na shaka.
- [ ] Lisansi yangu imeelezwa kwa miaka.
- [ ] Aya ya kwanza ina tukio, namba au kitu, na swali.
- [ ] Hakuna sentensi inayoomba radhi kwa diploma ya kwanza.
- [ ] Kuna sentensi moja inayoonyesha fani mbili zinapokutana.
- [ ] Pengo limetajwa, na lililofanyika tayari limeandikwa kwa muda wake.
- [ ] Kila utafiti niliotaja nimeusoma.
- [ ] Hakuna mgonjwa anayeweza kutambulika, na ruhusa ya kituo ninayo.
- [ ] Jina la chuo ni sahihi kila mahali, na idadi ya maneno haizidi.
- [ ] Faili ni PDF yenye jina langu, na nimelifungua kwenye simu ya mtu mwingine kuona kama linasomeka.
- [ ] Natuma angalau siku tatu kabla ya mwisho, kwa sababu umeme na mtandao vinaweza kukatika siku ileile.